Ugoko Unapouma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Majeraha ya Kuzidisha Mazoezi kwa Wakimbiaji Chipukizi

Nafundisha mbio ndefu katika shule ya sekondari ya kata, upande wa Karatu. Maswali haya huulizwa na walimu wenzangu wa michezo na wazazi, hasa miezi ya kuelekea UMISSETA. Nimejikita kwenye ugoko kwa sababu ndio unaolalamikiwa zaidi na watoto wangu, na ndipo nilipowahi kukosea vibaya.

Hakuanguka wala hakuteguka. Jeraha limetoka wapi?

Mfupa wa mtu aliye hai haukai kama nguzo ya zege. Kila unapopigwa kwa mbio, mwili huuchunguza na kuukarabati, na ukarabati wenyewe huanza kwa kubomoa. Fundi anayeziba ufa ukutani hukwangua kwanza sehemu iliyochoka, ndipo apake udongo mpya. Mfupa nao una seli za kukwangua na seli za kujaza. Kukwangua huchukua kama wiki 3. Kujaza na kukaza huchukua kama miezi 3. Katikati hapo mfupa una vijishimo ambavyo bado havijazibwa, na kwa muda huo ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla mtoto hajaanza mazoezi mazito.

Mtoto akiendelea kuongezewa kilomita wakati fundi bado anakwangua, vijishimo huungana. Mwanzoni utando unaofunika mfupa huvimba, na maumivu hutambaa kwenye ukingo wa ndani wa ugoko. Asipopunguziwa, mwishowe mfupa hupata ufa.

Kwa mtoto kuna jambo la ziada. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kabisa wakiwa na miaka kama 12, wavulana kama 14. Mfupa hurefuka kwanza, kisha madini ya kuukaza hufuata nyuma kwa karibu nusu mwaka hadi mwaka mzima. Ndiyo maana yule aliyerudi likizo akiwa mrefu ghafla, suruali ikiishia juu ya vifundo, ndiye wa kuangaliwa zaidi, hata kama anaonekana amekuwa na nguvu.

Kwa nini anaanza kuumwa wiki ya tatu au ya nne, wakati wiki ya kwanza alikuwa mzima?

Ni hesabu ileile ya kukwangua na kujaza. Nieleze kisa kilichonifundisha.

Nilikuwa na binti wa kidato cha pili, miaka 15. Shuleni alikuwa akikimbia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kilomita 5 kila siku, yaani 15 kwa wiki. Akachaguliwa timu ya wilaya, tukaingia kambini. Kambini ilikuwa kilomita 6 asubuhi na 4 jioni, siku 6 kwa wiki. Jumla 60. Tulimpandisha mara nne kwa usiku mmoja, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopanga ratiba ile.

Wiki ya kwanza alikimbia vizuri, wiki ya pili vizuri zaidi. Moyo na mapafu huzoea upesi, na ndivyo vinavyotudanganya. Wiki ya tatu nikaona kwamba wenzake wakienda kunywa maji yeye hukaa kivulini, kidole gumba kikisugua sehemu moja upande wa ndani wa ugoko wa kulia. Nikamuuliza, akasema, "Hamna kitu, mwalimu." Siku mbili baadaye nikaona anashuka kwenye lori kwa mguu wa kushoto kila mara, akishikilia ubao. Hapo ndipo nilipombonyeza mguu. Kwenye sehemu moja, upana wa kiganja juu ya kifundo, yenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, aliruka.

Mashindano ya mkoa aliyatazama akiwa amekaa. Ningemuuliza kwa kidole badala ya mdomo siku ile ya kivulini, pengine angepoteza wiki 2 tu.

Uwanjani nitajuaje kama ni uchovu, utando uliovimba au ufa?

Uchovu wa misuli huwa nyuma, kwenye nyama ya mguu, na mara nyingi miguu yote miwili. Huja siku moja au mbili baada ya zoezi gumu, kisha hupungua kila siku. Huo usikusumbue.

Kwa mfupa, mkalishe mtoto mguu ukiwa umenyooka. Anzia kwenye kifundo cha ndani, panda taratibu kwa kidole gumba ukifuata ukingo wa ndani wa ugoko, ukibonyeza kila sentimita, huku macho yako yakiwa usoni kwake. Uso hausemi uongo kama mdomo. Fanya na mguu usiouma pia ili ulinganishe.

Maumivu yakienea kwenye mstari mrefu, zaidi ya upana wa vidole vitatu, yaani kama sentimita 5 na kuendelea, kwa kawaida ni utando. Mtoto atakwambia huuma akianza kukimbia, mwili ukipata moto hupungua, kisha hurudi akipoa. Maumivu yakiwa kwenye doa moja unaloweza kulifunika kwa kidole, na yakizidi kadiri anavyokimbia badala ya kupungua, chukulia kwamba ni ufa mpaka daktari aseme vinginevyo. Akianza kuumwa hata akitembea, au usiku akiwa amelala, mambo yamekwenda mbali.

Wengine humrusha mtoto kwa mguu mmoja ili kupima. Mimi hufanya hivyo kwa yule tu ambaye sikupata doa kwa kidole na hachechemei. Ukishalipata doa, kumrusha ni kumwongezea jeraha.

Kuna sehemu tatu ambazo hupaswi kusubiri wala kujaribu chochote: ukingo mkali wa mbele kabisa ya ugoko, kinena au nyonga, na katikati ya sehemu ya juu ya mguu, pale kamba za viatu zinapofungiwa. Nyufa za hapo hupona kwa shida na zinaweza kukatika kabisa. Mtoto asikimbie hata hatua moja, apelekwe hospitali wiki hiyohiyo. Anayeumwa kinena na kuchechemea apelekwe siku hiyohiyo. Na ujue kwamba nyonga ya mtoto ikiwa na tatizo, mara nyingine analalamikia goti.

Mzazi anasema ni maumivu ya kukua tu. Nimjibu nini?

Usimwambie amekosea, kwa sababu maumivu hayo yapo. Mweleze yalivyo. Huwapata zaidi watoto wadogo, huja jioni au usiku, miguu yote miwili, mapajani au kwenye nyama za nyuma ya mguu. Asubuhi mtoto anaamka na kukimbilia nje kama hakuna kilichotokea, na ukimbonyeza huoni mahali panapouma.

Jeraha la kuzidisha mazoezi ni kinyume chake: mguu mmoja zaidi ya mwingine, mahali palepale kila siku, na linahusiana na mbio. Mwombe mzazi ambonyeze mwenyewe nyumbani jioni kama nilivyoeleza hapo juu. Mama akishaona mwanawe anakunja uso kwa kuguswa tu, mabishano huisha.

Ila mwambie pia hili waziwazi: mfupa unaouma bila uhusiano na mbio, wenye uvimbe, joto au homa, au unaomwamsha mtoto usiku baada ya usiku, si suala la mwalimu wa michezo. Unaweza kuwa usaha ndani ya mfupa au uvimbe mbaya. Na mtoto mwenye selimundu akiumwa mifupa aende hospitali, asisubiri kuona kama mapumziko yatamsaidia.

Tulikwenda hospitali, eksirei haikuonyesha kitu. Je, arudi mazoezini?

Hapana. Hapa ndipo watoto wengi wanapoponzwa. Ufa wa aina hii mwanzoni ni mwembamba mno, na picha ya eksirei mara nyingi huwa safi kwa wiki 2 hadi 3 za kwanza, wakati mwingine zaidi. Kinachoonekana baadaye si ufa wenyewe bali ukungu mweupe wa mfupa mpya unaoujenga. Yule binti wangu picha yake ya kwanza ilikuwa safi kabisa, na baba yake akanipigia simu kwa furaha. Wiki 3 baadaye ukungu ulikuwa unaonekana hata kwangu mimi nisiye daktari.

Kipimo cha MRI huona mapema, lakini ni ghali na hakipatikani kila mahali. Asiye na uwezo nacho hajapotea: amweleze daktari kwamba mtoto ni mkimbiaji, ana doa moja linalouma na kilomita ziliongezeka lini, kisha apumzike kana kwamba ufa upo na picha irudiwe baada ya wiki 3. Ukimwandikia mzazi karatasi yenye maelezo hayo aende nayo, utakuwa umemsaidia sana, maana kwenye foleni ya asubuhi daktari akisikia "mguu unauma" tu ataandika dawa ya maumivu.

Dawa za maumivu, kuchua, barafu: kipi kinafaa?

Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila duka la dawa, na najua kuna kambi ambako mtoto humeza kabla ya kukimbia. Kwa hili sina maneno ya upole. Maumivu ndiyo breki pekee aliyonayo mtoto huyu, na kidonge kinaikata. Tena akikimbia juani akiwa amepungukiwa maji, dawa hizo huzilemea figo. Akiandikiwa na daktari, atumie kama alivyoandikiwa akiwa amepumzika, si ili akimbie.

Kuchua nyama ya nyuma ya mguu hakuna ubaya. Kuuchua mfupa wenye doa, tena kwa gumba na mafuta ya moto kama wafanyavyo wachuaji wetu, ni kuuponda ufa. Barafu hupunguza maumivu kwa muda, haiponyi mfupa.

Apumzike kwa muda gani, na arudi vipi?

Kwa utando uliovimba, aache kukimbia hadi atembee bila maumivu na mstari ule usiume ukibonyezwa. Aliyewahiwa huchukua kama wiki 2, aliyecheleweshwa hata 6. Kwa ufa kwenye ukingo wa ndani wa ugoko, wiki 6 hadi 8 bila kukimbia kabisa, na kurudi kwenye mashindano kwa kawaida si kabla ya miezi 3 tangu siku aliyosimama. Zile sehemu tatu za hatari zina ratiba ya daktari, si yangu.

Kupumzika si kulala. Baiskeli inaruhusiwa kama haimuumizi. Maumivu yakishaisha, asimame ukingoni mwa ngazi, apande kwa vidole na kushuka taratibu, mara 15, awamu 3, siku moja anafanya na siku inayofuata hafanyi. Nyama ya nyuma ikiwa na nguvu huupunguzia mfupa kipigo.

Kabla ya kukimbia, lazima atembee haraka dakika 30 kwa wiki nzima bila maumivu, na doa lisiume ukilibonyeza. Kisha aanze kwa dakika 30, siku moja anakimbia na siku inayofuata hakimbii. Wiki ya kwanza: dakika 1 ya kukimbia polepole na 4 za kutembea, mara 6. Wiki ya pili 2 kwa 3, ya tatu 3 kwa 2, ya nne 4 kwa 1, ya tano dakika 30 mfululizo. Baada ya hapo ndipo mnaanza kuhesabu kilomita, mkianzia nusu ya zile alizokuwa akikimbia kabla ya kuumia. Mbio za kasi na milima huja mwisho.

Maumivu yakirudi, iwe wakati wa kukimbia au kesho yake asubuhi, apumzike hadi yaishe, kisha arudi hatua moja nyuma. Yakirudi kwenye doa lilelile, arudi kwa daktari.

Wazazi hushangaa kwamba mtoto anayeonekana mzima anatembezwa kama mgonjwa. Waambie udongo umepakwa lakini haujakauka.

Kilomita ziongezwe kiasi gani ili tusifike huko?

Wengi wanaifuata kanuni ya asilimia 10 kwa wiki. Ni mwongozo wa kukadiria tu, lakini ni bora kuliko kuruka kutoka 15 hadi 60. Mimi huongeza kidogo kwa wiki 3, wiki ya nne naipunguza hadi karibu theluthi mbili ili fundi apate nafasi. Na sibadilishi mambo mawili kwa pamoja. Wiki ya kuongeza umbali si wiki ya kuanza milima, wala si wiki ya kugawa viatu vya misumari.

Hesabu pia usichokiona. Mtoto anayetembea kilomita 4 kwenda shule na 4 kurudi, anayebeba maji jioni na kucheza mpira wakati wa mapumziko, miguu yake haijapumzika siku ambayo kwenye daftari lako umeandika "mapumziko". Angalau siku moja kwa wiki iwe bila mazoezi kabisa, hivyo hata madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri, na wanaongeza kwamba mtoto apate jumla ya miezi 2 hadi 3 kwa mwaka nje ya mchezo wake mmoja. Likizo ya Desemba inatosha kuanzia.

Pima urefu kila baada ya miezi 3, kwa penseli kwenye fremu ya mlango. Aliyeongezeka sentimita 2 au zaidi, mimi simwongezei kilomita msimu huo.

Kuhusu UMISSETA, tatizo ni kwamba kata, wilaya na mkoa hufuatana kwa karibu, na kila ngazi ina kambi yake na mwalimu wake anayetaka kuonyesha kazi. Andika kilomita za kila wiki kwenye karatasi, mtoto aende nayo kambini. Si kila mwalimu ataisoma. Atakayeisoma atamwokoa.

Chakula kinahusikaje na mfupa?

Fundi hajengi bila udongo. Mtoto wa miaka 9 hadi 18 anahitaji kama miligramu 1,300 za kalisi kwa siku, na kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300. Nyumba yenye ng'ombe isiuze maziwa yote. Pasipo na maziwa, dagaa wanaoliwa na miba yao husaidia sana.

Lakini kikubwa zaidi ni wingi wa chakula. Kijana anayekimbia alfajiri kwa chai ya rangi na kusubiri hadi saa nane mchana ana njaa ya kudumu, na mwili wenye njaa huacha kukarabati mifupa. Uji wenye maziwa au karanga mara baada ya mazoezi ya asubuhi unamfaa kuliko dawa yoyote ya kuongeza nguvu. Na usimwambie binti kwamba akipungua uzito atakimbia zaidi. Nimesikia walimu wakisema hivyo uwanjani kwa sauti.

Kwa wasichana kuna kipimo kisicho na gharama, nacho ni hedhi. Aliyefika miaka 15 bila kuanza, au aliyekuwa akipata kisha akakosa miezi 3 mfululizo, aende hospitali. Wapo wanaodhani ni dalili ya mazoezi kukolea. Kwa mkimbiaji mara nyingi ni dalili kwamba chakula hakitoshi kazi, na mifupa inalipa deni. Mazungumzo haya ayafanye mwalimu wa kike au matroni pamoja na mama, si mimi mbele ya wenzake.

Akimbie peku au avae viatu?

Aliyekua akikimbia peku, miguu yake imezoea. Kinachoumiza ni kubadilisha ghafla, iwe kutoka peku kwenda viatu vya misumari au kinyume chake. Viatu vya mitumba vinafaa, ila bonyeza soli ya katikati kwa gumba: ikiwa ngumu kama ubao au imelala upande mmoja, viache. Kwenye uwanja wa mviringo badilisheni mwelekeo, maana mguu wa ndani ya kona hupigwa kivyake.

Na wanaoumwa goti au kisigino?

Nundu inayouma chini tu ya goti, na kisigino kinachouma nyuma kwa watoto wa kama miaka 8 hadi 14, mara nyingi ni pale kano inapovuta sehemu ya mfupa ambayo bado ni laini. Hupona mtoto akimaliza kukua. Wengi wanaweza kuendelea kwa mazoezi yaliyopunguzwa, mradi hawachechemei.

Baba anasema mwanawe avumilie, mbona Akhwari alimaliza?

Huku kwetu kila mtu anamtaja John Stephen Akhwari wa Mbulu, na ana haki ya kutajwa. Lakini mkumbushe baba kwamba Akhwari mwaka 1968 kule Meksiko alikuwa mtu mzima wa miaka 30, aliumia goti kwa kuanguka, katika mbio moja, ya Olimpiki. Mwanao ana miaka 14, mfupa wake haujakaza, na anachotaka kukivumilia ni zoezi la Jumanne.

Usimwite mzazi shuleni kumpa habari hizi mbele ya watu. Mimi hutuma ujumbe kwanza, kisha napiga simu jioni. Huu ndio niliomtumia mama mmoja msimu uliopita, na aliupokea vizuri:

"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa michezo. Kijana ana doa linalouma kwenye ugoko wa kushoto, nimelibonyeza leo. Nimemsimamisha kukimbia kuanzia sasa, hajafanya kosa lolote. Naomba wiki hii apelekwe hospitali, nimempa karatasi ya maelezo. Hata picha ikiwa safi asikimbie, tutairudia baada ya wiki 3. Kwa sasa maji abebe mdogo wake. Nitapiga saa moja jioni tuongee, na baba awepo."